Mzazi ana slipu, mfumo unasema anadaiwa: cha kukagua kabla ya kuzuia ripoti

Ndugu mmiliki wa shule,

Habari za kazi, na poleni na baridi. Wiki chache zijazo utafunga muhula, na mhasibu wako atafungua mipangilio ya mfumo wetu wa ada na ripoti na kuwasha kipengele cha "Zuia ripoti kwa wanaodaiwa". Tulikiweka kwa sababu shule nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zilikiomba, na kinafanya kile kilichoombwa: mwanafunzi ambaye deni lake limepita kiasi ulichopanga, ripoti yake haichapishwi. Lakini mfumo hauoni slipu iliyo mfukoni mwa mzazi. Unaona kilichoandikwa ndani yake tu. Kikiandikwa vibaya, mtoto ambaye ada yake ilishalipwa anarudi nyumbani mikono mitupu, na baba yake anakuja shuleni na hasira ambayo ana haki nayo.

Hitilafu tunazopigiwa simu mwisho wa muhula zinafanana sana. Nimeziandika hapa kwa dalili, zile zinazojitokeza mara nyingi zikitangulia, ili mhasibu na mwalimu wa taaluma waanze na ukaguzi mwepesi kabla ya kufika kwenye mgumu. Naomba uwapelekee barua hii wote wawili. Sehemu kubwa nimeiweka kwenye ada, kwa sababu ndiko kunakoanzia matatizo mengi ya ripoti.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua nakala rudufu ya leo, uihifadhi kwenye flashi isiyokaa ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Kisha zima kwa muda kipengele cha kuzuia ripoti. Ripoti zikianza kuchapishwa huku bado unasahihisha salio, utapata darasa ambalo nusu wamepewa na nusu wamenyimwa, na hakuna atakayejua nani alinyimwa kwa haki.

Jambo la tatu ndilo linalovunjwa zaidi: usifute risiti. Risiti iliyokosewa inabatilishwa, kisha inaandikwa nyingine iliyo sahihi. Ukibatilisha, zote mbili zinabaki zikionekana, na mwaka ukiisha mkaguzi wa hesabu atafuata njia na kuelewa kilichotokea. Ukifuta, panabaki pengo kwenye mfuatano wa namba za risiti, na pengo hilo linafanana kabisa na wizi hata kama hakuna aliyeiba.

Dalili ya kwanza: mzazi ana slipu, mfumo unaonyesha deni

Anza kwa kumwamini mzazi kiasi cha kukagua. Mwombe slipu au ujumbe wa simu, andika vitu vitatu: tarehe, kiasi, na namba ya muamala. Usianze kutafuta kwa jina la mtoto, kwa sababu kama jina lingekuwa limeandikwa vizuri, wala msingekuwa mnazungumza. Tafuta kwa kiasi na tarehe.

Sababu inayoongoza ni pesa iliyoingia benki bila kufika kwa mwanafunzi. Wazazi wetu wengi hawalipi kwa mkupuo. Wa Usangu analipa akiuza mpunga, wa Isongole akitoa viazi, wa Mbozi malipo ya kahawa yakitoka. Analipa popote alipo, kwa wakala, mara nyingi kwa mkono wa mtu mwingine. Wakala ana foleni, anaandika jina la aliyeleta pesa au anaacha sehemu ya maelezo ikiwa tupu. Kwenye taarifa ya benki unaona 200,000 na jina la mtu usiyemjua, na mhasibu makini anafanya anachopaswa kufanya: anaiacha kwenye ukurasa wa Pesa Isiyopangwa mpaka mwenyewe ajitokeze. Basi fungua ukurasa huo kwanza. Ukiiona pale yenye kiasi, tarehe na namba ya muamala vinavyolingana na slipu, mpangie mwanafunzi na kazi imekwisha. Vitu vyote vitatu vilingane. Kiasi peke yake hakitoshi, maana wazazi kumi wanaweza kulipa 200,000 wiki moja.

Sababu ya pili ni pesa kuandikwa kwa mtoto mwingine. Ukoo mmoja kwetu unaweza kujaza madarasa matatu. Akina Sanga, akina Mwakalinga na akina Mwaipopo ni wengi kwenye kila daftari, na ukiwa na wanafunzi wawili wenye jina la kwanza na la ukoo yanayofanana, mkono utateleza tu. Wanaochanganywa zaidi ni ndugu wa tumbo moja. Kosa hili ni gumu kuliona, kwa sababu mtoto aliyepokea pesa ya mwenzake hapigiwi kelele na mtu. Salio lake linapendeza, basi hakuna anayelikagua.

Ya tatu ni pesa kuingia kwenye fungu lingine. Mzazi alilipa ada, karani akaichagua kama usafiri au chakula. Mwangalie mwanafunzi kwa mafungu yote: ukikuta fungu moja lina ziada na jingine lina deni la kiasi hicho hicho, umeshapata jibu.

Ya nne ni msamaha au punguzo ambalo liliamuliwa kwa mdomo. Mkuu wa shule alisema "huyu mpunguzieni, ni yatima" au "watoto watatu, wa tatu alipe nusu", na neno hilo likabaki ofisini. Mfumo haujaambiwa. Hapa hutapata slipu yoyote hata ukitafuta mpaka usiku, kwa hiyo muulize mkuu wa shule mapema.

Ya tano, ambayo ni nadra, ni kwamba pesa haikufika benki kabisa. Nitairudia hapo chini, kwa sababu hapo ndipo unapotakiwa kusimama.

Nikueleze kisa kimoja nilichokaa nacho asubuhi nzima katika shule ya msingi nje kidogo ya jiji la Mbeya, kwa sababu kilikuwa na sababu tatu kwa pamoja na namna tulivyokifungua inaweza kukusaidia.

Ada ya muhula pale ilikuwa 600,000 na usafiri 150,000, jumla 750,000 kwa kila mtoto. Familia ilikuwa na watoto wawili: kaka wa darasa la tano na dada wa darasa la pili. Mfumo ulionyesha kaka anadaiwa 480,000 na dada hadaiwi kitu. Ripoti ya kaka ikazuiwa. Baba yao, fundi magari wa Mwanjelwa, akaja na slipu tatu za kaka: 300,000 ya Januari, 250,000 ya Machi, 200,000 ya Mei.

"Mwalimu, hizi jumla yake ni 750,000," akasema. "Hilo deni limetoka wapi?"

"Baba, keti kwanza," mhasibu akamjibu. "Tutazifuata moja moja, wewe ukiwa hapa hapa."

Ya Januari tuliikuta mahali pake. Ya Machi haikuwa kwa kaka. Tulipotafuta miamala yote ya 250,000 ya wiki ile, tukaikuta kwa dada yake, namba ya muamala ikiwa ile ile ya kwenye slipu. Karani alichagua jina la ukoo, akagusa mstari wa juu. Ya Mei ilikuwa kwenye Pesa Isiyopangwa: ilitumwa na mama mkubwa wa watoto kutoka Chimala baada ya kuuza mpunga, na benki iliandika jina la wakala.

Kwa hiyo kaka alikuwa amehesabiwa 300,000 tu kati ya 750,000, deni 450,000. Zikabaki 30,000 ambazo hazikuelezeka kwa slipu yoyote. Tulifungua salio la kuanzia na kukuta ni deni la masomo ya ziada la Desemba ya mwaka uliopita. Mkuu wa shule akakumbuka mara moja: mtoto aliugua, hakuhudhuria, na yeye mwenyewe alikubali deni lifutwe. Liliandikwa kwenye daftari lake, si kwenye mfumo.

Baada ya masahihisho kaka hakudaiwa chochote. Lakini dada, ambaye alionekana amemaliza, baba yake alikuwa amemlipia 500,000 tu; zile 250,000 za kaka ndizo zilizomfunika. Akawa na deni la kweli la 250,000. Baba alilikubali papo hapo, maana alikuwa analijua.

Ziangalie hesabu hizo kwa familia nzima. Mfumo ulisema deni la nyumba ile ni 480,000, ukweli ukawa 250,000. Tofauti ya 230,000 ni zile 200,000 zilizokosa mwenyewe pamoja na 30,000 za msamaha. Zile 250,000 zilizohamia kwa ndugu hazikubadilisha jumla ya familia hata shilingi. Kuanzia siku ile nawashauri wahasibu wote: mzazi mwenye watoto zaidi ya mmoja akilalamika, fungua salio la watoto wake wote kwa pamoja, hata wale ambao hajawataja. Tofauti ikipotea ukijumlisha familia, pesa imeruka kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Tofauti ikibaki, tafuta kwenye pesa isiyopangwa au kwenye ahadi ya mkuu wa shule.

Sasa niseme pa kusimama. Kama slipu ya mzazi haionekani kwenye taarifa ya benki ya siku hiyo wala siku mbili tatu za kazi zinazofuata, usimwandikie risiti, wala usimwite mwongo. Huenda pesa ilikwenda akaunti nyingine, huenda muamala ulirudishwa, na huenda slipu ni ya kughushi. Hakuna hata moja kati ya hayo unayoweza kulithibitisha ukiwa ofisini kwako. Ongozana na mzazi mpaka tawi la benki mkiwa na slipu halisi, benki ndiyo itakayosema. Ujumbe wa simu unaosema "imethibitishwa" nao si pesa. Watu wanauandika wenyewe na kuutuma. Risiti yako itoke baada ya kuona muamala kwenye akaunti ya shule.

Dalili ya pili: jumla ya makusanyo haifanani na benki

Mhasibu anajumlisha risiti za mwezi, anapata kiasi kimoja. Taarifa ya benki inasema kingine. Kwanza tazama ni upande gani umezidi, maana sababu zake ni tofauti.

Benki ikizidi mfumo, mara nyingi ni ile ile pesa isiyopangwa, au taarifa ya benki ya siku za mwisho wa mwezi haijapakiwa. Hili linamalizika haraka.

Mfumo ukizidi benki, tafuta kwanza malipo yaliyoandikwa mara mbili. Mzazi alileta slipu Jumatatu, karani akaiandika kwa mkono. Ijumaa mhasibu akapakia taarifa ya benki kutoka Excel, na muamala ule ule ukaingia tena. Mfumo wetu hukataa namba ya muamala inayojirudia, lakini unaweza kuikataa endapo tu namba hizo mbili zinafanana herufi kwa herufi. Karani akiruka tarakimu moja, au akiandika "hana slipu" mahali pa namba, mlango umefunguka.

Na Excel yenyewe ina tabia mbili ambazo zimetusumbua sana. Namba ndefu zaidi ya tarakimu 15 ikiingizwa kwenye seli ya kawaida, tarakimu za 16 na kuendelea zinageuzwa kuwa sifuri, na hazirudi tena. Miamala miwili tofauti inaweza kuwa na namba moja. Tabia ya pili ni kula sifuri ya mwanzo: mwanafunzi namba 0147 anakuwa 147, na simu ya mzazi inayoanza na 07 inabaki na tarakimu tisa. Dawa ni moja kwa yote mawili: kabla ya kubandika kitu, chagua safu nzima ya namba za miamala, ya namba za wanafunzi na ya simu, uipe muundo wa maandishi, yaani `Text`. Ukishaona namba imeandikwa kama `9.91E+15`, usiirekebishe kwa mkono. Pakua faili upya kutoka benki.

Kutafuta zilizojirudia, weka fomula hii kwenye safu tupu, ukichukulia namba za miamala ziko safu ya C kuanzia mstari wa 2 hadi 500:

```
=SUMPRODUCT(--($C$2:$C$500=C2))
```

Jibu likiwa 2 au zaidi, muamala huo umo zaidi ya mara moja. Zile ambazo karani alikosea namba fomula haizioni; zitafute kwa kiasi na tarehe. Najua wahasibu wengi wamezoea `COUNTIF` kwa kazi hii. Kwa namba fupi haina neno, lakini kwa zile zinazozidi tarakimu 15 inazisoma kama tarakimu tupu hata kama seli ni ya maandishi, na inaweza kukuambia miamala miwili tofauti ni mmoja. Shule moja ya Iringa ilikuwa imeshabatilisha risiti tano halali kwa sababu hiyo kabla hatujapigiwa simu.

Kama hakuna iliyojirudia, angalia tarehe. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani inasoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili. Jumla ya mwaka inabaki sahihi, lakini miezi inakataa. Hiyo ndiyo alama yake: mwezi mmoja umezidi, mwingine umepungua kwa kiasi hicho hicho, na tarehe zote zilizoharibika ni za 12 kushuka chini, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13.

Simama hapa ukikuta yafuatayo: mfuatano wa namba za risiti una mapengo, au risiti za fedha taslimu zimebatilishwa na mtu yule yule, siku baada ya siku, jioni. Usimwite karani na kumhoji, na usibadilishe kitu kwenye hesabu. Badilisha nywila ya msimamizi, chukua nakala rudufu, kisha mwite mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Sisi tutampa orodha ya nani aliingia, lini, na alibadilisha nini. Lakini kutoa hukumu kuhusu hesabu za shule yako si kazi ya muuza programu, na mtu akisingiziwa wizi kwa makosa ya tarehe, jina lake halisafishiki kirahisi katika mji mdogo.

Dalili ya tatu: ripoti imetoka, lakini wastani na nafasi vinashangaza

Hapa mhusika ni mwalimu wa taaluma. Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni sifuri iliyowekwa mahali pa nafasi tupu. Mtoto hakufanya mtihani, mwalimu wa somo hakupenda kuacha kiboksi kitupu, akaandika 0. Kwa mfumo, 0 ni alama aliyoipata mtoto. Kiboksi kitupu, au alama ya "hakufanya", hakihesabiwi.

Chukua msichana wa kidato cha pili mwenye masomo manane, aliyekuwa amelazwa siku ya Jiografia. Masomo saba aliyofanya alipata 81, 76, 70, 66, 64, 60 na 52. Jumla ni 469, na kwa masomo saba wastani ni 67. Ikiwekwa 0 kwenye Jiografia, 469 inagawanywa kwa nane na wastani unashuka hadi 58.6. Nafasi yake darasani inaporomoka. Lakini tazama divisheni: kwa viwango vya Baraza la Mitihani, A ni kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45 na D kuanzia 30. Ana A mbili, B mbili na C tatu, yaani pointi 15, na divisheni ya kwanza inaishia pointi 17. Kwa kuwa divisheni huhesabu masomo saba bora, ile sifuri haikuigusa. Ndiyo maana nawaambia walimu: ukiona divisheni nzuri na nafasi mbaya kwenye ripoti moja, tafuta sifuri.

Mwalimu anayekokotoa mwenyewe kwenye Excel anaweza kulithibitisha. Fomula `=AVERAGE(D5:K5)` inaruka seli tupu na maandishi, lakini sifuri inaihesabu.

Amua mapema, na uandike, jinsi ya kumpanga nafasi mtoto ambaye hakumaliza mitihani. Kumpa nafasi kwa wastani wa masomo saba ni kumpendelea kidogo kama somo alilokosa ndilo gumu kwake. Kumpa sifuri ni kumwonea. Shule nyingi ninazoziheshimu zinamwandikia wastani na kuacha nafasi yake wazi. Mimi naona hiyo ndiyo haki.

Sababu ya pili ni mizani ya alama, hasa shule za msingi. Darasa la nne na la saba huzoeshwa mitihani ya alama 50, ambako A inaanzia 41. Mwalimu akiingiza 43 kwenye somo ambalo mfumo umeliweka kuwa la alama 100, na A yako ya mia inaanzia 81, mtoto wa A anasomeka C. Dalili yake ni rahisi kuiona: darasa zima limeanguka kwenye somo moja, na hakuna hata mmoja aliyepita 50. Nenda kwenye mipangilio ya somo ukasahihishe alama ya juu. Usizidishe alama kwa mbili kwa mkono, maana wiki ijayo mwalimu mwingine atazizidisha tena.

Sababu ya tatu imekuja na mtaala mpya ulioanza Januari 2024. Historia ya Tanzania na Maadili ni somo ambalo kiolezo cha zamani cha ripoti hakina. Mwalimu ameingiza alama, zimo kwenye mfumo, lakini kwenye karatasi hazionekani, na jumla iliyochapishwa inazidi jumla ya masomo yanayosomeka. Mzazi anayejumlisha kwa kalamu analiona hilo kabla yako. Fungua kiolezo cha darasa husika, ongeza somo, chapisha ripoti moja ya majaribio, uijumlishe kwa mkono.

Ukishachapisha na kugawa ripoti, kisha ukagundua kosa, usibadilishe alama kimyakimya. Toa toleo jipya lenye neno "Imesahihishwa" na tarehe. Na kama alama za darasa zima zimetoweka baada ya umeme kukatika, acha kuingiza upya na utupigie. Mara nyingi zimo bado na zinaweza kurudishwa, lakini kila alama mpya unayoingiza inaandikwa juu ya ile ya zamani.

Dalili ya nne: ujumbe wa salio haufiki, au salio la meseji linaisha haraka

Usipofika, ni namba ya simu iliyoliwa sifuri, tumelizungumza. Meseji zikiisha haraka, tazama alama ya king'ong'o, yaani kile kitone cha ng'. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ikiwemo alama hata moja isiyo ya kawaida, inabeba 70 tu, na ikigawanywa kila kipande kinabeba 67. Programu za kuandikia barua hugeuza kitone cha ng' kilichonyooka kuwa kile kilichopinda, na kilichopinda ni alama isiyo ya kawaida. Shule ya Kilolo yenye jina la Ng'ang'ange kwenye anwani yake, meseji ya herufi 150 iliyonakiliwa kutoka kwenye barua, italipia meseji tatu kwa kila mzazi. Andika ujumbe moja kwa moja ndani ya mfumo, kwa kitone kilichonyooka.

Na tafadhali, orodha ya wanaodaiwa isipelekwe kwenye kundi la Wasapu la wazazi, hata kwa nia ya kuwahimiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu shule yako pia. Kila mzazi apate salio la mtoto wake tu.

Ukitupigia simu

Uwe na namba ya mwanafunzi, namba ya muamala kama ipo kwenye slipu, na picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Usitume nywila yako kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa ofisi yetu. Hatuihitaji kufanya kazi yetu. Mafundi wetu wanafika Mbeya mjini na Uyole siku hiyo hiyo. Kwa Mafinga, Makambako, Tukuyu na Tunduma, hesabu siku inayofuata, kwa hiyo usisubiri asubuhi ya kufunga shule.

Ukimaliza, washa tena kipengele cha kuzuia ripoti, lakini kwanza fungua orodha ya watakaozuiwa, ukae na mhasibu na mkuu wa shule muipitie jina kwa jina. Kwa shule ya wanafunzi mia tatu kazi hiyo haizidi saa moja. Mkikuta jina ambalo mmoja wenu anasema "huyu mbona baba yake alikuja mwezi uliopita", liwekeni pembeni, mrudi kwenye dalili ya kwanza.

Wako katika kazi,
Huduma kwa shule, Nyanda za Juu Kusini